Nani Ameshika Uzi? Uhakiki wa Skripti Isiyo na Mazungumzo

Utangulizi

Katika darasa letu la tamthilia hapa Bujumbura, mwalimu alitupa kazi ya kuandika skripti ya filamu fupi kwa Kiswahili, kisha akaongeza sharti moja: wahusika wasizungumze zaidi ya sentensi mbili. Mwenzangu mmoja aliinua mkono na kuuliza, "Mwalimu, ukiondoa mazungumzo, Kiswahili kimekwenda wapi?" Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Sisi Warundi tunajifunza Kiswahili ili tukizungumze. Tamthilia zote tulizosoma zimejaa mazungumzo, na maelekezo ya jukwaani huwekwa pembeni, katika mabano, kama kitu ambacho msomaji anaweza kukiruka. Skripti ambayo ndani yake watu hawasemi inaonekana kuwa kazi ya mpiga picha, si ya mwanafunzi wa lugha.

Katika makala hii nitajibu swali la mwenzangu kwa kuhakiki filamu moja ya Kifaransa ambayo mwalimu alituonyesha baada ya swali hilo. Hoja yangu ni kwamba katika skripti ya namna hii lugha haipotei. Inahama kutoka vinywani mwa wahusika na kuingia katika vitenzi na viambishi vya mwandishi, na huko inadai uangalifu mkubwa kuliko mazungumzo.

Filamu yenyewe

Filamu hiyo ni Le Ballon rouge, yaani Puto Jekundu, ya Albert Lamorisse, iliyotoka mwaka 1956. Ina dakika 34. Imepigwa katika mtaa wa Ménilmontant mjini Paris, mtaa wa vilima, ngazi na kuta za kijivu, na mtoto mkuu ni Pascal, mwana wa Lamorisse mwenyewe. Ilipata tuzo ya filamu fupi huko Cannes mwaka huohuo. Mwaka 1957 ilipata tuzo ya Oscar ya skripti bora iliyotungwa moja kwa moja kwa filamu, na miongoni mwa skripti ilizozishinda ilikuwamo La Strada, filamu ndefu ya Federico Fellini. Kwa hiyo watu wa kazi hiyo walikubali kwamba kuna skripti pale, ingawa maneno yanayosemwa kwa sauti yangeenea katika ukurasa mmoja wa daftari.

Kisa ni hiki. Asubuhi, akienda shule, Pascal anaona puto jekundu limefungwa juu ya nguzo ya taa. Anapanda, analifungua, analichukua. Kondakta wa basi anamkataza kupanda nalo, naye anakimbia kwa miguu hadi shule. Jioni, nyumbani, mwanamke anayeishi naye analitoa puto dirishani, lakini puto haliendi popote. Kuanzia hapo linamfuata Pascal kila mahali: nyuma ya basi, darasani, hata kanisani. Genge la watoto linalitamani, linaliiba, na mwishoni linalipiga kwa manati mpaka linasinyaa. Ndipo maputo yote ya mji yanapomjia Pascal. Anakusanya nyuzi zake, nayo yanamnyanyua juu ya mapaa.

Uzi ndio msemaji

Mtu akiulizwa ni kitu gani kinachobeba kisa hiki, atajibu haraka kwamba ni puto. Mimi baada ya kuitazama filamu mara kadhaa nasema ni uzi. Puto peke yake ni rangi tu, nayo haibadiliki tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Kinachobadilika ni nani ameshika uzi, na kila unapobadilisha mkono, kisa kinapiga hatua.

Tuufuate uzi huo. Mwanzo umefungwa kwenye nguzo: puto halina mwenyewe. Pascal anaufungua: sasa lina mwenyewe. Kondakta anaukataa: kuwa na kitu hiki kuna gharama, na gharama ni kukimbia na kuchelewa. Shuleni Pascal anamwachia mfagiaji uzi: kumbe mtu mzima anaweza kuaminiwa. Akirudi nyumbani mvua inanyesha, naye anaingia chini ya miavuli ya wapita njia ili puto lisiloe. Uzi ni uleule, lakini sasa anayeushika anakilinda kitu, hakimiliki tu. Nyumbani mwanamke anauachilia nje ya dirisha. Hapo hakuna mkono wowote, na hapo ndipo tunapogundua kwamba puto linabaki hata bila kushikwa.

Hilo ndilo badiliko kubwa la filamu nzima, nalo halikuhitaji hata neno moja. Kabla ya dirisha, uzi ulikuwa alama ya kumiliki. Baada ya dirisha, uzi unaning'inia tu, na anayeugusa anaugusa kwa sababu puto limekubali. Asubuhi inayofuata Pascal anajaribu kuushika njiani, na puto linamkwepa kwa mzaha. Watoto wa genge, kinyume chake, wanauona uzi kama kamba ya mateka. Wanalinasa Pascal anapoingia katika duka la mikate na kuliacha nje. Kwa hiyo watazamaji hawahitaji kuambiwa tofauti kati ya Pascal na genge. Wote wameshika uzi uleule, na namna ya kuushika ndiyo inayowatofautisha.

Mwisho wa filamu nao unatokana na hesabu hiyohiyo. Pascal alianza kwa kufungua uzi mmoja, anamaliza kwa kukusanya nyuzi nyingi. Mwanzo yeye alishika puto lisiruke, mwisho maputo yanamshika yeye asibaki. Kitendo ni kilekile, kimegeuzwa upande.

Kutokana na hili nimejipatia kipimo cha kupima skripti za namna hii, pamoja na zetu za darasani. Chagua kitu kimoja katika skripti, kisha andika pembeni ya kila onyesho kiko mkononi mwa nani na kiko katika hali gani. Kama maonyesho mawili yanayofuatana yana jibu lilelile, moja kati yake huenda halina kazi. Kipimo hiki kinaikuta hata filamu ya Lamorisse. Kuna sehemu ya soko la vitu vikuukuu, ambapo Pascal anasimama mbele ya picha ya msichana na puto linajitazama katika kioo. Ni nzuri kuangalia, lakini uzi hauhami, hakuna kinachopotea wala kupatikana. Ingekatwa, kisa kisingeyumba.

Kamera inajua wakati mmoja

Sasa nije kwenye sarufi, kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapokuwa na la kusema ambalo Mfaransa hakulazimika kulifikiria.

Kiswahili kina viambishi vya wakati na hali ambavyo tunavitumia bila kufikiri. Katika hadithi tunaandika "Pascal huenda shule kwa basi" na msomaji anaelewa kuwa ni desturi. Katika skripti sentensi hiyo haina picha. Kamera haiwezi kupiga picha ya hu-. Haiwezi kupiga -li- wala -ngali-. Inajua -na- tu: mtoto anakwenda, basi linasimama, mlango unafungwa. Skripti nyingi tulizoandika darasani zilianguka hapa. Moja ilianza kwa kusema kwamba mhusika alikuwa amezoea kula peke yake tangu mkewe alipofariki. Sentensi ni safi, lakini haipigiki picha.

Je, Lamorisse alionyeshaje desturi? Kwa kurudia mahali palepale na kubadilisha jambo moja. Siku ya kwanza tunaona kituo cha basi, Pascal na puto, na kondakta anayekataa. Siku ya pili tunaona tena basi, lakini Pascal amepanda, na puto linaruka nyuma ya basi lenyewe. Mara ya pili mtazamaji anasema moyoni, "Kumbe hii ndiyo njia yake ya kila siku." Ile hu- ameitengeneza mwenyewe. Na kwa kuwa kila kitu kingine kimebaki vilevile, macho yake yanakwenda moja kwa moja kwenye kilichobadilika: jana uzi ulimzuia Pascal kusafiri, leo hakuna aliyeshika uzi na wote wawili wanasafiri.

Anayetaka kuandika kwamba mtu amefiwa na mkewe afanye vivyo hivyo. Aweke sahani mbili mezani, kisha mkono urudishe moja kabatini. Kesho yake mkono utoe sahani moja tu.

Onyesho la dirisha

Ili kuona lugha inavyofanya kazi, nimeliandika onyesho la dirisha kwa Kiswahili kutokana na nilichokiona kwenye filamu. Si tafsiri ya skripti ya Lamorisse. Ni jaribio langu la kuona Kiswahili kingelibebaje.

NDANI. CHUMBANI. JIONI.
Mwanamke anafungua dirisha. Analisukuma puto nje. Anafunga dirisha.

NJE. UKUTA WA NYUMBA.
Puto linapanda kidogo. Linasimama. Linashuka mpaka usawa wa kioo.

NDANI.
Pascal anatazama mlangoni. Hakuna mtu. Anafungua dirisha. Puto linaingia. Anafunga.

Tazama kwanza neno "linasimama". Puto likiachiwa hupanda, hiyo ndiyo asili yake, na kila mtazamaji anaijua tangu utotoni. Kwa hiyo muujiza wa filamu hii umo katika kitenzi kimoja chepesi kinachokwenda kinyume na asili ya kitu. Kama ningeandika "puto, kwa mshangao wa wote, linakataa kuondoka kwa sababu linampenda Pascal," ningekuwa nimetumia maneno mengi na kuharibu kila kitu. "Linampenda" halipigiki picha. "Linasimama" linapigika, na upendo unakuja wenyewe.

La pili ni kauli ya kutendea. Rasimu yangu mojawapo ilikuwa na sentensi "Pascal analifungulia puto dirisha." Ni Kiswahili kizuri, na kifupi kuliko sentensi mbili. Lakini kiambishi cha kutendea kinabeba nia: kinasema dirisha linafunguliwa kwa ajili ya puto. Kamera haioni nia hiyo. Inaona mkono na kitasa. Nikiandika "Anafungua dirisha. Puto linaingia," ninampa mtazamaji vitendo viwili, naye anaviunganisha. Ile "kwa ajili ya" anaitia yeye. Furaha yote ya filamu isiyo na maneno iko katika kuunganisha huko, na mwandishi anayetumia kutendea mapema anamnyang'anya mtazamaji kazi yake.

La tatu ndilo lililozua ubishi mkali zaidi darasani: puto ni "li" au ni "a"? Kifaransa hakina shida hii, kwa sababu mtoto na puto wote wawili ni majina ya kiume na kiwakilishi chao ni kimoja. Katika Kirundi pia hatubanwi sana, kwa kuwa hata mnyama hufuata ngeli ya jina lake. Lakini Kiswahili sanifu kinadai kwamba kiumbe chenye uhai kipate upatanisho wa "a": mbwa anakuja, kiboko analala, ingawa majina hayo yamo katika ngeli nyingine. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili hawezi kukwepa. Kila mara anapoandika kitenzi cha puto, anatoa hukumu: hiki ni kitu, au huyu ni kiumbe.

Mwenzangu yule aliyeuliza swali alishikilia kwamba baada ya dirisha tuandike "puto anamfuata, puto anajificha," kwa sababu sasa limekuwa mhusika. Katika ngano, alisema, hata visivyo na uhai huongea na kutembea, na hakuna anayeshangaa. Hoja yake ina nguvu, na kama tungekuwa tunaandika hadithi ya kusomwa, ningemuunga mkono. Kugeuka kutoka "li" hadi "a" katikati ya hadithi kungekuwa tukio lenyewe.

Lakini katika skripti mimi nabaki na "li" mpaka mwisho, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kazi. Skripti inasomwa na watu watakaotengeneza filamu, na "puto linachungulia dirishani" linamwambia mtu wa vifaa kwamba kuna kitu atakachopaswa kukivuta na kukisimamisha. Ya pili ni ya kisanaa. Kamera haikuona kiumbe hata mara moja katika dakika zote 34. Iliona puto, lisilo na macho wala mdomo. Lamorisse hakulichora uso, na hilo ndilo jambo la busara zaidi alilolifanya. Nikiandika "linasubiri", kiambishi kinasema kitu na kitenzi kinasema mtu, na vyote viwili vinabaki vikivutana. Mvutano huo ndio hali halisi ya mtazamaji, anayejua ni mpira na hewa, na hata hivyo anauhurumia. Nikiandika "anasubiri", nimeshamaliza mvutano kwa niaba yake.

Malipo yanakuja kwenye kifo. Jiwe linapiga. Puto halipasuki mara moja. Ngozi yake inakunjamana, linapungua polepole, linashuka chini, na mguu wa mtoto mmoja unalikanyaga. "Linasinyaa" ni neno tulilotumia maisha yetu yote kwa maputo na mipira, hakuna neno la kawaida kuliko hilo. Katika onyesho hili linauma, kwa sababu upatanisho haukubadilika tangu lilipokuwa limefungwa kwenye nguzo. Kilichobadilika ni sisi.

Mambo ambayo vitu haviwezi kusema

Sitaki msomaji afikiri kwamba vitendo na vitu vinaweza kila kitu. Filamu hii yenyewe inaonyesha mpaka wake. Yule mwanamke wa nyumbani ni nani? Walioieleza filamu hawakubaliani: wengine wanamwita mama, wengine bibi. Kwenye filamu tunaona mwanamke, chumba, mkono unaolitoa puto nje. Neno la ukoo halipigiki picha, na kwetu Burundi, ambako namna ya kumwita mtu ndiyo inayokuonyesha nafasi yake nyumbani, hilo si jambo dogo. Anayeandika skripti bila mazungumzo asijenge kisa kinachotegemea mtazamaji kujua kwamba huyu ni shangazi na si mama. Lamorisse hakufanya hivyo. Kisa chake kinahitaji tu mtu mzima mwenye mamlaka ya nyumba, na hilo mkono kwenye dirisha unalisema.

Inafaa kulinganisha na kitabu cha picha ambacho Lamorisse alikitoa kutokana na filamu hiyo. Humo mwanamke ni mama, bila utata. Tena kitabu kinaanza kwa kueleza kwamba Pascal hana ndugu, kwamba aliwahi kuleta paka nyumbani na baadaye mbwa, na mama akakataa kwa sababu ya uchafu. Hayo ni -li- na -wahi, mambo ya jana. Filamu haiwezi kuyasema, kwa hiyo mwanzoni kabisa inamwonyesha Pascal akimpapasa paka njiani, kisha anaendelea na safari yake. Ni sekunde chache. Mtazamaji hapati historia ya paka wa nyumbani, anapata tu mtoto ambaye mkono wake unatafuta kitu cha kugusa. Historia imepotea, haja imebaki, na kwa kisa hiki haja inatosha.

Mpaka wa pili ni genge. Kwa nini wanaliua puto? Mwanzoni wanalitaka, hilo tunaliona. Kutoka kutaka kitu hadi kukiharibu kuna safari ya ndani ambayo hakuna kitu chochote kwenye filamu kinachoibeba. Hakuna mtoto mmoja wa genge aliyepewa hata kitendo kidogo cha kusita. Naona huu ndio udhaifu wa kweli wa skripti, zaidi ya sehemu ya soko. Kungetosha mkono mmoja ulioshika jiwe na usilitupe.

Kuhusu mwisho, wapo waliosema darasani kwamba maputo yanayokuja kutoka kila upande yameanguka tu kutoka mbinguni. Sikubaliani nao. Kabla ya hapo Pascal amepishana na msichana mwenye puto la bluu, na puto hilo likamponyoka na kulifuata jekundu. Wakati ule tulicheka. Lakini hapo skripti ilikuwa imeshatufundisha kwamba si puto moja tu lenye tabia hii, na kwamba nyuzi zinaweza kuponyoka mikononi kwa hiari ya maputo. Jambo kubwa la mwisho lilikwishatokea kwa udogo.

Hitimisho

Ukiondoa mazungumzo, Kiswahili kimekwenda wapi? Kimekwenda katika kuchagua kati ya "anafungua" na "anafungulia", katika kuikataa hu- na kurudia kituo cha basi badala yake, na katika herufi mbili za "li" ambazo mwandishi anazishikilia hata anapotamani kuzigeuza. Mzungumzaji wa kawaida anavipita viambishi hivi bila kuviona. Mwandishi wa skripti isiyo na maneno hana kitu kingine mkononi.

Mwenzangu bado anaandika "puto anasubiri" katika rasimu yake, na mimi bado naandika "linasubiri" katika yangu. Mwalimu amesema atazisoma zote mbili kwa sauti darasani, kisha atuulize tumeona nini.